Bomba la Zamani la Kuoshea Makaa

Maeng Ok-rye alikuwa na miaka hamsini na mbili ofisi ya maji ilipomtoa kwenye kusoma mita na kumpa fimbo ya kusikilizia mabomba. Mimi nilikuwa fundi bomba mkuu hapo Cheolgok, nina miaka ishirini na mmoja kazini, na fimbo ile nilikuwa naitarajia mimi. Kwa hiyo msinitegemee nimsifu tangu mwanzo. Sikumpenda. Mjini hakuna aliyempenda sana, na baada ya mambo nitakayosimulia walizidi kumchukia.

Cheolgok ni mji wa makaa ya mawe ambao makaa yameisha. Kampuni ilifunga mgodi, watu wakahamia pwani na mji mkuu, nyumba za safu walizokuwa wakiishi wachimbaji zikabaki bila madirisha. Kilichobaki chini ya ardhi ni mashimo na mabomba. Mabomba yale yaliwekwa na kampuni, na kampuni ilipoondoka haikumkabidhi mtu ramani. Ofisi ya maji ilirithi mji usiojulikana ndani yake kuna nini.

Mume wa Ok-rye, Gu Yeong-bae, alikuwa mchimbaji. Mapafu yake yalijaa vumbi, akafa akiwa na miaka arobaini na sita, mrija wa oksijeni puani. Miaka miwili ya mwisho chumba cha hospitali na mitungi ya hewa viligharamiwa na kaka yake mkubwa, Gu Man-cheol, tajiri wetu. Man-cheol alinunua eneo la zamani la kuoshea makaa kule bondeni, akajenga kiwanda cha kutia kabichi chumvi. Kabichi za milimani zinaingia kwa malori, zinakatwa, zinalazwa kwenye maji ya chumvi usiku mzima, zinaoshwa mara tatu, zinakwenda mijini kwa watu wasio na muda wa kutengeneza kimchi, ile kabichi chachu yetu ya pilipili, tangu mwanzo. Wanawake thelathini wa mji walifanya kazi pale. Kwa mji wetu, hao ni wengi sana.

Mwaka ule alikuja mhandisi mpya, Pyo, kijana mwembamba wa miwani aliyekula tambi peke yake mezani kwake. Asubuhi ya kwanza alituuliza swali moja.

"Katika kila mapipa mia tunayosukuma kutoka kwenye mtambo, mangapi yanafika kwenye mita ya mtu?"

Tukatazamana. Nikasema, "Sabini hivi."

"Arobaini na mawili," akasema. "Hamsini na nane hatujui yako wapi. Na bado kila vuli watu wa Mtaa wa Juu wanakaukiwa ifikapo saa tano asubuhi, nasi tunaomba kujengewa tangi jingine."

Alichokifanya Pyo hakikuwa uchawi. Aliugawa mji mafungu sita. Kila fungu tulilitenga kwa kufunga valvu za mipakani, tukaacha mlango mmoja tu wa kuingilia maji, na mlangoni hapo tukaweka mita kubwa yenye kumbukumbu. Kila asubuhi mashine inakuchorea mstari: maji yaliyoingia saa hadi saa. Ukitaka kujua fungu linavuja kiasi gani unatazama saa tisa usiku, watu wamelala, hakuna anayefua wala kupika. Yanayopita saa hiyo karibu yote yanapotea.

Fungu la nne, Mtaa wa Juu pamoja na bonde lake, lilikuwa na nyumba mia sita. Kwa nyumba hizo mita za ujazo mbili kwa saa zingetosha saa tisa usiku. Zilikuwa zinapita kumi na tisa.

"Nani ana masikio mazuri?" Pyo akauliza.

Nikafungua mdomo. Ok-rye akasema, "Mimi. Mume wangu alipumua vibaya miaka sita. Nimejifunza kusikiliza kitu kidogo nikiwa chumba cha pili."

Akapewa fimbo.

Ni chuma kirefu chenye kisahani cha kuweka sikioni. Unaweka ncha kwenye mita, kwenye valvu, juu ya lami mahali bomba linapopita. Bomba zima liko kimya. Bomba linalovuja linasema, mengine yanafoka, mengine yanalia kama birika. Ok-rye alianza kuzunguka Mtaa wa Juu na kofia yake ya jua na buti za mpira, nyumba hadi nyumba, na mimi nyuma yake na sururu, nimenuna.

Watu walimpokea kama mkusanya madeni. Walikuwa wanamjua kama msoma mita, yule aliyeripoti mita zilizowekewa sumaku na mita zilizogeuzwa nyuma mbele, na walikuwa hawajamsamehe. Mwenye bucha alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe, "Umerudi, Mama Hyeon-u? Leo unatuuzia hata sauti ya maji?" Bibi mmoja alimwaga maji ya vyombo ngazini makusudi, akasubiri apite. Ok-rye alipita, akaweka fimbo kwenye mita ya bibi huyohuyo, akafumba macho.

"Choo chako kinavuja, mama. Ni mpira tu, badilisha."

"Badilisha wewe ulimi wako."

Siku ya tisa, nyuma ya nyumba za safu zilizoachwa, alisimama mahali pamoja karibu nusu saa. Hapakuwa na unyevu, majani yalikuwa makavu. Akasema, "Chimba hapa."

"Pakavu hapa."

"Chimba, Fundi Cheon."

Nilichimba hadi kifuani. Bomba la chuma lilikuwa limepasuka urefu wa mkono, na maji yalikuwa yanaingia moja kwa moja kwenye ufa wa mwamba, kuelekea kwenye mashimo ya mgodi. Ndiyo maana hayakutokeza juu hata siku moja. Kando yake tulikuta matawi ya nyumba zilizobomolewa, yamezibwa kwa vigingi vya mbao vilivyooza. Tulikata yote, tukafunga vifuniko vya chuma. Kesho yake mstari wa saa tisa usiku ulionyesha kumi na moja.

Pyo akafurahi mpaka akatununulia makopo ya kahawa. Halafu akaweka valvu ya kupunguza presha kwenye tawi la bondeni, kwa sababu kule chini maji yalikuwa yanashuka na presha saba, nyumba hazihitaji zaidi ya nne, na tundu lolote linatoa zaidi kadiri presha inavyopanda. Mstari wa saa tisa usiku ukashuka hadi tisa. Watu wa bondeni wakapiga simu siku nzima kututukana kwamba tumewapunguzia maji, ingawa bomba la jikoni lilikuwa linajaza sufuria vilevile.

Tisa ikakataa kushuka. Ok-rye alilizunguka fungu lote mara tatu, tukaziba vidogo vinne, na mstari haukutikisika.

Hapa niseme jambo langu, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mimi nilijua tano kati ya hizo zilikuwa zinakwenda wapi. Miaka kumi na mmoja nyuma, Gu Man-cheol alipokuwa anajenga kiwanda, tulikuta bomba la zamani la kuoshea makaa limekatizwa ukutani mwake, na upande wa pili, barabarani, limepita hatua mbili tu kutoka kwenye bomba letu kuu. Alinikaribisha nyama ya nguruwe ya kuchoma na pombe ya soju, akaniambia, "Mdogo wangu, haya mabomba yote ni ya kampuni iliyokufa, nani atauliza?" Jumapili moja niliyaunga. Klampu, pete ya chuma ya kuungia bomba, nilichukua stoo. Hakuna mita iliyowekwa. Halafu Man-cheol akachimba kisima uani ili watu wakione, akapata kibali cha kisima, na kila aliyeuliza aliambiwa kiwanda kinatumia maji yake mwenyewe. Mwanangu wa kike aliajiriwa kwenye ofisi ya kiwanda mwaka uliofuata. Hatukulizungumza tena.

Ndiyo maana nilikuwa namwandama Ok-rye kwa maneno makali kila siku. Nilitaka achoke.

Sikukuu ya Mavuno ikapita, siku tatu mji umefungwa. Tuliporudi kazini Ok-rye alikuwa amesimama mbele ya karatasi za mashine, mkono kiunoni.

"Mhandisi, uvujaji unasherehekea sikukuu?"

Pyo akainua macho. "Vipi?"

"Siku tatu za sikukuu ilikuwa nne. Leo imerudi tisa. Bomba lililopasuka halijui sikukuu. Huyu ni mtu. Anajaza matangi usiku, na sikukuu anapumzika."

Nikasema, "Watu waliondoka mjini kwenda kwa wazee wao. Ni kawaida kushuka."

"Waliondoka kwenda wapi? Wazee ndio sisi. Sikukuu mji unajaa." Akanitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Mkijua ni nani anayetumia maji saa tisa usiku, mniambie."

Sote tulijua ni nani anayelaza kabichi usiku.

Pyo akasema taratibu, "Kiwanda cha Bwana Gu kina kisima."

"Kina kisima," Ok-rye akasema. "Hapa kila kisima kinatoa maji ya mgodi. Ukiyaacha ndani ya beseni mpaka kesho yanakuwa rangi ya kutu. Mto wetu ni rangi ya machungwa, mnauona kila siku. Mimi nimekula kabichi za shemeji yangu miaka kumi na moja. Ni nyeupe kama karatasi."

Jioni hiyo nilimfuata hadi kwenye ngazi za Mtaa wa Juu. Nikamwambia, "Mama Hyeon-u, umefikiria? Yule ndiye aliyemtunza Yeong-bae."

"Nimefikiria tangu mwaka juzi."

"Mwaka juzi?"

"Nilipokuwa nasoma mita. Mita ya kiwanda ni ya choo na jiko la wafanyakazi tu, inasoma kama nyumba ya watu watatu. Niliona. Nikanyamaza, kwa sababu ya mitungi ile ya oksijeni." Alikuwa anapanda ngazi bila kusimama, na mimi ndiye niliyekuwa nahema. "Halafu kila vuli napita hapa namkuta mama mkwe wangu anapandisha ndoo kutoka bondeni. Ana miaka themanini na sita. Mwanawe anamletea maji ya chupa Jumamosi, anapigwa picha."

"Wanawake thelathini watakosa kazi."

"Na nyumba mia mbili hapa juu zinakosa maji. Hukuwahi kunihesabia hizo, Fundi Cheon."

Jumanne asubuhi tulifanya jaribio la kufunga hatua kwa hatua. Ok-rye alikaa kwenye mita kubwa na simu, Pyo kando yake. Mimi na ufunguo mrefu nilikuwa nafunga valvu za mitaa moja baada ya nyingine, na kila nikifunga anasoma imeshuka kiasi gani. Mtaa unaoshusha sana ndio wenye shida. Pyo alikuwa amewatangazia watu wakinge maji mapema, na walikinga, wakitutukana.

Valvu ya tano ilikuwa ya barabara ya kiwanda. Niliiwekea ufunguo, nikazungusha raundi saba, nikaacha. Valvu ya ukubwa ule inahitaji ishirini na mbili.

"Imefungwa," nikasema kwenye simu.

Kisha sauti yake: "Haijashuka chochote."

"Basi si huku."

"Kaa hapo."

Alishuka kwa miguu, dakika kumi na mbili, na mimi nimesimama kama mtu anayesubiri daktari. Hakunisalimu. Aliweka ncha ya fimbo kwenye kichwa cha valvu, akaweka sikio, akafumba macho.

"Inapitisha. Inafoka."

"Ni ya zamani. Haikai vizuri."

"Zungusha mbele yangu. Nitahesabu."

Nikazungusha. Alihesabu kwa sauti, kama anavyohesabu mwalimu wa watoto wadogo: nane, tisa, kumi. Ilipofika ishirini na mbili ikagonga chini. Akaweka fimbo tena, akatikisa kichwa kukubali, akampigia Pyo aliyekuwa amebaki kwenye mita.

"Imeshuka?"

Hata mimi niliisikia sauti ya Pyo: "Imeshuka kumi na moja! Kumi na moja kwa mpigo mmoja!" Mchana kiwanda kinatumia kuliko usiku, wanaosha kabichi mara tatu.

Hatukuhitaji kugonga geti. Dakika chache tu wanawake walianza kutoka, aproni za mpira, glavu nyekundu, nywele ndani ya mifuko, wanauliza nani amekata maji. Wa kwanza alikuwa Bong-ja, msimamizi wao, rafiki wa Ok-rye tangu shule.

"Wewe!" Bong-ja akasema. "Umetufungia maji wewe?"

"Mna kisima," Ok-rye akasema. "Nimefunga maji ya mji. Kisima chenu kinahusiana nini na valvu yangu?"

Wenzake wakamtazama Bong-ja. Hapo ndipo jambo lilipojulikana, barabarani, mbele ya wanawake thelathini, na hakuna aliyeweza kulirudisha ndani.

"Mwanamke mwenye roho mbaya," Bong-ja akasema mwishowe, taratibu kabisa. "Ulikula kwenye mazishi ya mumeo chakula cha nani?"

Alhamisi tukaenda kuchimba. Pyo alikuja na barua ya wilaya na polisi mmoja aliyetamani kuwa mahali pengine. Man-cheol alitusubiri getini na koti lake zuri. Alikuwa mtu mkubwa, sauti yake ya chini, na alikuwa hajazoea kuambiwa hapana.

"Mhandisi, karibu chai. Haya ni mambo ya watu wazima kuzungumza."

"Baada ya kuchimba, Bwana Gu."

"Shemeji," akamgeukia Ok-rye. Hakumwita Mama Hyeon-u. "Njoo hapa nikuulize. Yeong-bae alipokuwa anakosa hewa, nani aliyelala kwenye kiti kando ya kitanda?"

"Wewe, shemeji."

"Mitungi ile ilitoka wapi?"

"Kwako."

"Basi ni nini hiki unachonifanyia mbele ya watu?"

Uso wa Ok-rye ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. Aliishika fimbo kwa nguvu zaidi. "Nakushukuru kwa mitungi," akasema. "Nimekushukuru kila mwaka kwa magoti. Lakini mitungi ulinipa mimi. Maji haya si yangu mimi nikulipe nayo."

"Umefundishwa kusema."

"Nenda ukamuulize mama yako ndoo ina uzito gani."

Man-cheol alimwinulia mkono. Polisi akapiga hatua. Mkono ukashuka, lakini kila mtu alikuwa ameuona.

Nilichimba mimi. Ningeweza kusema mgongo unauma, lakini nani mwingine angechimba? Niliposhuka mita moja na nusu nilijua hasa sururu itagonga wapi, na nilipiga taratibu kama mtu anayechimba kaburi la ndugu. Wanawake wa kiwanda walikuwa wamejipanga ukingoni. Mmoja alimwaga ndoo ya maji ya chumvi shimoni, yakaniingia machoni, na walicheka. Nadhani walimlenga Ok-rye.

Lile bomba likatokea. Bomba letu kuu, klampu juu yake, na kutoka kwenye klampu bomba jipya hatua mbili hadi kwenye lile la kuoshea makaa. Pyo akashuka na kamera. Klampu ilikuwa na mhuri wa stoo yetu. Na boliti zake nne zilikuwa zimepakwa grisi na kuviringwa vipande vya tyubu ya baiskeli, ili zisishike kutu.

Mjini Cheolgok ni fundi mmoja tu anayeviringa boliti kwa tyubu ya baiskeli. Mafundi wenzangu walikuwa wananitania kwa hilo miaka yote.

Ok-rye alichuchumaa ukingoni, akazitazama boliti, kisha akanitazama mimi niliyesimama ndani hadi mabegani nimelowa maji ya chumvi. Nilimwomba kwa macho. Sijui kama nimewahi kumwomba mtu hivyo.

"Piga picha na boliti, Mhandisi," akasema. "Karibu. Tyubu ionekane."

Tulilikata bomba siku ileile, tukafunga kifuniko. Kesho yake asubuhi mstari ulisoma nne, na saa tano Mtaa wa Juu maji yalikuwa yanatoka, na saa nane, na jioni. Hakuna aliyekuja ofisini kutushukuru. Waliokuja walikuwa wanawake wa kiwanda, wakakaa kwenye ngazi za ofisi siku nne na mabango, jina la Ok-rye limeandikwa kwa rangi nyekundu, jambo ambalo kwetu huwezi kumfanyia mtu aliye hai bila kumtakia mabaya. Alipita katikati yao kila asubuhi kuingia na kila jioni kutoka.

Nyumba za safu zilizobaki na watu zilimkwepa. Kwenye hamamu ya mtaa, ambako wanawake husuguana migongo kwa zamu, mke wangu aliniambia Ok-rye alipoingia kwenye maji ya moto wengine walitoka, wote, wakakaa pembeni na taulo mpaka aondoke. Alijisugua sehemu alizozifikia. Mke wangu pia alitoka kwenye maji. Aliniambia bila aibu, na mimi nilimwambia amefanya vyema.

Siku ya kumbukumbu ya kifo cha Yeong-bae huangukia mwishoni mwa vuli, na meza ya chakula cha kumkumbuka marehemu huandaliwa nyumbani kwa kaka mkubwa. Ok-rye alikwenda na sahani zake za samaki na peasi kama kila mwaka. Mlango ulifunguliwa na mama mkwe wake, yule wa ndoo.

"Leo hakuna nafasi kwako hapa," kikongwe akasema.

"Mama, ni siku ya mume wangu."

"Ni siku ya mwanangu. Na huyu mwingine pia ni mwanangu. Umemvua nguo barabarani."

"Maji yanatoka kwako sasa, mama?"

"Yanatoka," kikongwe akasema, akafunga mlango.

Haya aliyaeleza Ok-rye mwenyewe, mara moja tu, miaka baadaye, na alipofika hapo aliendelea kumenya kitunguu saumu alichokuwa anamenya. Alirudi nyumbani, akaandaa meza mwenyewe, yeye na mwanawe Hyeon-u kwa simu.

Mimi nilisimamishwa miezi sita, nikashushwa cheo. Binti yangu aliacha kazi ya kiwandani kwa aibu, akahamia pwani, akakaa mwaka mzima bila kunipigia simu. Nililala nikimchukia Ok-rye, nikaamka nikimchukia. Niliwaambia watu kwenye vibanda vya soju kwamba mwanamke yule angeuza kaburi la baba yake apate kusifiwa na mhandisi mtoto. Walikubaliana nami, na kunikubalia hakukunisaidia kitu.

Kiwanda hakikufa. Man-cheol alitozwa faini, akawekewa mita kubwa, na kwa mara ya kwanza akaona kwa macho maji anayotumia. Mwezi wa kwanza alifunga kiwanda, akawafukuza wanawake kumi na wawili. Halafu Pyo, ambaye hakuwa na chuki wala haya, akaenda kumwonyesha kwamba maji ya kuosha mara ya tatu ni karibu safi, yanafaa kuoshea mara ya pili, na ya pili yanafaa kuoshea mara ya kwanza. Man-cheol alimfukuza. Wiki tatu baadaye akaweka pampu na mabomba yale yale aliyoelekezwa, akasema ni wazo lake. Maji yake yalipungua zaidi ya nusu. Wanane kati ya wale kumi na wawili walirudi. Bong-ja hakuwa mmoja wao.

Mafungu mengine matano yalikwenda kwa namna hiyohiyo, bila kelele kubwa. Mita za zamani zilizokuwa zinasoma pungufu zilibadilishwa. Ofisi ilijiwekea sharti kwamba ukisikia uvujaji, uzibwe ndani ya siku mbili, kwa sababu tundu dogo lililoachwa mwaka mzima linamwaga kuliko bomba kubwa lililopasuka na kuzibwa siku ileile. Vyoo vya shule viwili na saluni moja vilikutwa vimeunganishwa kabla ya mita. Wenyewe walipewa mwezi mmoja wajitokeze bila adhabu, na nyumba tisa nyingine zikajitokeza. Baada ya miaka minne, katika kila mapipa mia, sabini na saba yalikuwa yanafika kwenye mita. Tangi jipya halikujengwa.

Niliporudi kazini nilipewa kuchimba, si kuongoza. Na anayeonyesha pa kuchimba alikuwa yeye. Miezi ya kwanza tulizungumza maneno matatu kwa siku: hapa, kina, basi. Alikuwa anakula wali wake uliofungwa kwa mwani amekaa kwenye ukingo wa barabara, na mimi nakula wangu ndani ya gari.

Siku moja ya mvua gari lilikuwa moja na ilibidi tukae wote ndani. Nilikuwa nimelihifadhi swali lile muda mrefu mpaka lilikuwa limeoza.

"Ungeweza kuziacha zile boliti," nikamwambia. "Bomba lilikwisha kupatikana. Picha ya klampu ilitosha."

Alimaliza kutafuna.

"Ningeweza," akasema.

Alifuta vidole kwenye suruali, akafunga kisanduku chake cha chakula, akatazama nje kama mvua imepungua.

"Haya, shuka," akasema. "Pale mbele ya bucha kuna kitu kinalia."

Nikachukua sururu. Mwenye bucha alikuwa amekwisha kusimama mlangoni na mikono kifuani, anamwangalia Ok-rye akivuka barabara, na kabla hatujafika alitema mate chini, mbele ya buti zake. Ok-rye aliyaruka, akaweka fimbo juu ya lami.

"Hapa," akaniambia. "Kina, mita moja na ishirini."